Umetumiwa picha ya tangazo la nyumba, chini yake "bei iko sawa?": jinsi ya kupiga hesabu kabla hujajibu

Kama ndugu zako wanajua unaelewa kidogo mambo ya ujenzi basi hizi picha zinakufikia kila wiki. Skrinshoti ya tangazo, nyumba ya pinki au krimu, geti jeusi, maandishi mekundu INAUZWA HARAKA, na chini mtu kaandika tu "eti bei iko sawa?" Wengi tunajibu kwa hisia, "mbona ghali" au "hapo umepata", na yule mtu anaenda kutoa milioni zake kwa jibu la hisia. Hapa nitaenda na tangazo moja la Goba, Dar es Salaam, la aina unayoiona kila siku, nionyeshe hesabu inavyopigwa. Bei za ujenzi na viwanja nilizoweka ni za mfano, zako utazipata mtaani kwako, ila njia ni hiyohiyo.

Tangazo linasema hivi: nyumba inauzwa Goba, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo, choo cha pabliki, kiwanja 20 kwa 20, ina fensi, geti, pevingi, kisima, umeme upo, maji ya DAWASA yapo, dakika 5 kutoka lami, umiliki mkataba wa serikali ya mtaa, bei milioni 95 maongezi yapo. Picha nne.

Hatua ya kwanza: usianze na bei, tafuta tangazo lenyewe liko wapi kwingine

Nyumba moja Dar inakuwa na madalali watano, na kila mmoja anaweka cha juu chake. Kwahiyo kabla ya kitu chochote chukua picha ya mbele ya nyumba uitafute, kwenye kurasa za madalali wa eneo hilo, kwenye magrupu ya watsapu, na kwa kuitafuta picha yenyewe kwenye Google. Hii ya Goba ukiitafuta unaikuta sehemu tatu, moja 95, moja 88, moja 82, geti lilelile, mwembe uleule. Hapo tayari umejua mambo mawili bila kutoka nyumbani, kwamba 95 sio bei ya mwenye nyumba, na kwamba bei yake ipo 82 au chini ya hapo. Angalia na tarehe. Tangazo la kwanza kama lina miezi nane na bado wanaandika "haraka" basi watu wameshaenda kuiona na kuondoka, na ujiulize waliona nini.

Kuna wakati utaikuta picha hiyohiyo inauzwa Goba, inauzwa Kibada, na inauzwa Chanika. Hiyo achana nayo, haina haja ya hesabu.

Hatua ya pili: ardhi kwanza, nyumba baadae

Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa sababu macho yanaenda kwenye taizi na gipsam, wakati pesa kubwa inaweza kuwa chini ya miguu. Tangazo limesema 20 kwa 20 na wewe kichwani umeshaandika mita za mraba 400. Mpigie dalali muulize swali moja tu, "kaka, hiyo ishirini kwa ishirini ni mita au miguu?" Kwenye maeneo ambayo hayajapimwa viwanja vingi viliuzwa kwa kukanyaga, mtu anahesabu hatua zake, na hatua ya mtu mzima anayetembea kawaida mara nyingi haifiki mita. Tuseme ni sentimita 80, basi ishirini kwa ishirini inakuwa mita 16 kwa 16, ambayo ni mita za mraba 256. Zile 400 hazipo. Theluthi nzima ya kiwanja imeyeyuka, na bei haijashuka hata kidogo.

Dalali wa hii nyumba akajibu "miguu bosi, ila ni mikubwa". Haya. Kama una lokesheni yake fungua ramani ya Google upande wa setilaiti, bonyeza kwenye kona ya fensi, chagua kupima umbali, nenda kona hadi kona. Sio sahihi kabisa lakini inakupa picha, na siku ya kwenda utabeba futi kamba ya mita 30 uthibitishe. Hii ikatoka kama mita 17 kwa 18, yaani 306.

Sasa bei ya ardhi. Tafuta viwanja vitupu vitatu vinavyouzwa mtaa huohuo, sio "Goba" tu maana Goba ni kubwa na kuna sehemu bondeni na sehemu mlimani, tafuta vyenye barabara ileile na umiliki wa aina ileile. Gawanya bei kwa ukubwa. Tuseme umepata cha mita 400 kwa mil 28, hiyo ni elfu 70 kwa mita ya mraba. Kingine mita 300 kwa mil 21, elfu 70 tena. Cha tatu kina mita 600 mil 54, elfu 90, lakini hicho kimepimwa na kina hati, kwahiyo kiweke pembeni, sio mwenzake huyu wa mkataba wa serikali ya mtaa. Halafu kumbuka hizo ni bei za kuombwa, hakuna aliyezilipa bado, kwahiyo shusha kidogo, tuchukue elfu 65. Mara 306 inakuja kama mil 20.

Ile "dakika 5 kutoka lami" usiilipie tena, imeshaingia kwenye bei ya kiwanja. Ila ipime, maana dakika tano za bodaboda asubuhi bila foleni ni kilomita mbili na ushee, na "gari inafika" ya mwezi wa nane sio gari inafika ya mwezi wa nne mvua za masika zikiwa zimekolea.

Hatua ya tatu: nyumba ingejengwa leo ingegharimu ngapi

Hapa usihesabu vyumba. Vyumba vitatu vinaweza kuwa nyumba ya mita 70 au ya mita 140, na tangazo haliandiki ukubwa karibu kamwe. Rudi kwenye setilaiti pima paa. Paa la hii lilikuwa mita 11 kwa 10, lakini bati linatoka nje ya ukuta kama sentimita 60 kila upande, kwahiyo toa mita 1.2 kila kipimo, unabaki na 9.8 kwa 8.8, ambayo ni mita za mraba 86. Ndogo kwa vyumba vitatu, sebule, dainingi na stoo. Maana yake chumba kimoja hapo kitanda cha futi sita kikiingia kabati linabaki koridoni. Kumbe hata bila kwenda umeshajua.

Mtafute fundi anayejenga maeneo hayo sasa hivi, umwulize nyumba ya kawaida, tofali la inchi sita, bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu, taizi za kawaida, mpaka inaisha mtu anahamia, inakula shilingi ngapi kwa mita ya mraba. Waulize wawili, maana mmoja atakwambia bei ya kukupata na mwingine bei ya kukukwepa. Tuchukue laki tano. Mara 86 ni mil 43. Hiyo ni nyumba MPYA ya aina hiyo, na hii sio mpya.

Hatua ya nne: hali yake, na hapa ndio picha inaongea

Kuza picha moja moja taratibu.

Ya kwanza, ya mbele. Angalia chini ya ukuta, kuanzia ardhini mpaka usawa wa goti. Kwenye hii rangi ya chini ilikuwa tofauti kidogo na ya juu, mbichi zaidi, imepita mstari mmoja nyumba nzima. Mtu hapaki rangi chini tu kwa kupenda. Ama ukuta unapanda unyevu na chumvi imebandua plasta, ama maji yaliwahi kusimama pale. Zote mbili zinawezekana, na tofauti yake utaijua ukifika: chumvi inaacha unga mweupe na plasta inamung'unyika ukikwaruza kwa kucha, hata kwenye kuta za ndani zisizoguswa na mvua, wakati mafuriko yanaacha mstari ulionyooka kwa usawa mmoja, na huo mstari utauona pia kwenye ukuta wa jirani ambaye hakupata hela ya rangi. Mtazame jirani kila mara, jirani hauzi nyumba.

Ya pili, sebule. Imepigwa kutoka kona kwa lenzi pana, ndo maana sofa inaonekana ndefu kama basi. Ukitaka ukubwa wa kweli hesabu taizi sakafuni. Kama zinaonekana ni zile za sentimita 40 kwa 40 na zipo kumi kwa urefu basi chumba ni mita nne, lenzi haiwezi kudanganya idadi. Hapo hapo tazama juu kwenye gipsam: doa la kahawia lenye ukingo mweusi kidogo ni bati linavuja au msumari umeachia, na ukiona kipande kimoja cha silingi cheupe kuliko vingine kimebadilishwa juzi.

Ya tatu ni jiko, kawaida tu. Ya nne ni geti. Sasa jiulize picha gani HAZIPO. Hakuna ya choo, hakuna ya nyuma ya nyumba, hakuna ya barabara ya kuingilia. Tatu zote hizo ni sehemu za gharama. Mwambie dalali akutumie video moja isiyokatwa, aanzie barabarani aingie getini azunguke nyumba mpaka nyuma kwenye karo, afungue na bomba. Asipotaka, hilo nalo umelisikia.

Kwa hii, baada ya kwenda na fundi, orodha ikawa hivi: kukwangua plasta ya chini na kupiga upya mil 2, paa na silingi ya vyumba viwili mil 2.5, karo limejaa na ukuta wake mmoja umetitia mil 1.5. Jumla mil 6. Ongeza mil 4 ya uchakavu wa kawaida, nyaya, masinki, vitasa, milango iliyovimba. Kwahiyo 43 toa 10, nyumba imebaki mil 33.

Hatua ya tano: vile vya ziada, kila kimoja kivyake

Fensi haihesabiwi kama "ina fensi", inahesabiwa kwa mita, na unauliza ni ya nani. Mzunguko wa kiwanja hiki ni mita 70 lakini ukuta wa nyuma, mita 17, ni wa jirani, alijenga yeye. Zinabaki 53, kwa elfu 90 kila mita ni karibu mil 5. Kisima kipo kweli, cha kuchimba kwa mashine, lakini maji yaonje, usiulize. Dar visima vingi vinatoa maji ya chumvi, yanafaa kufulia na kumwagilia, ya kunywa bado utanunua, na pampu inaoza mapema. Hiki ni cha chumvi, nakipa mil 3. Geti na pevingi mil 2.5.

Umeme upo: uliza mita ya LUKU ni ya nyumba hii peke yake au wanachangia na nyumba ya uani, na namba yake isomeke kwa jina la nani. Maji ya DAWASA yapo: mara nyingi bomba lipo mtaani, kuvuta ni juu yako. Omba bili ya mwezi uliopita, kama hakuna bili hakuna maji.

Jumlisha sasa. Ardhi 20, nyumba 33, fensi 5, kisima 3, geti na pevingi 2.5. Inakuja mil 63.5. Tangazo linasema 95.

Hatua ya sita: gharama ambazo hakuna tangazo linaziandika

Hii nyumba haina hati, kwahiyo utalipia upimaji na kufuatilia hati mwenyewe kama urasimishaji umefika mtaa huo, na wakili wa kuandika mkataba. Weka mil 2.5 mpaka 3 uwe salama. Kuvuta maji na kuhamia weka mil 1. Kisha nenda serikali ya mtaa uulize mapema, sio siku ya kusaini. Mitaa mingine unaombwa asilimia ya bei ya mauzo, inaweza kufika kumi, na kwa nyumba ya mil 60 hiyo ni mil 6. Uliza nani anailipa, kwa utaratibu upi, na risiti inatoka wapi.

Kama nyumba ingekuwa na hati kuna mengine: ushuru wa stempu ambao ni kama asilimia 1 ya bei, na kodi ya faida ya mauzo ya TRA asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Hiyo ya pili kisheria ni ya muuzaji, ila isipolipwa uhamisho hausajiliwi, ndo maana wauzaji wajanja wanakusukumia wewe mwisho mwisho ukiwa umeshalipa nusu. Iandikwe kwenye mkataba. Na deni la kodi ya pango la ardhi liangaliwe, linabaki na kiwanja, haliondoki na mtu.

Ukitoa kama mil 4 za hizo gharama, pesa ya kumpa muuzaji mkononi inakuwa karibu mil 60.

Kitu kimoja kinachofuta hesabu yote

Kabla hujafurahia hiyo namba angalia nyumba imekaa wapi. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa mita 30 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Pima kwa setilaiti, hata mto mkavu una mkondo wake unaonekana. Ukutani tafuta alama ya X iliyopakwa rangi juu yake. Nyumba ikiwa humo ndani bei sawa haipo, hata mil 20. Na ukiuliza mauziano uliza na mke au mume wa muuzaji, aje asaini, na kama ni nyumba ya urithi uone barua ya msimamizi wa mirathi.

Kujipima mara ya pili kwa kodi

Uliza nyumba kama hiyo mtaani inapangishwa ngapi. Tuseme laki tatu na nusu kwa mwezi, mwaka ni mil 4.2. Kwa mil 95 ungehitaji miaka 22 na ushee ya kodi kurudisha pesa, bila ukarabati na bila mwezi mmoja mtupu. Kwa mil 63 ni 15. Sio sheria hii, ila namba mbili zikitofautiana hivyo ujue hesabu yako ya kwanza haikuwa ya ubahili.

Njia hii yote ina mahali haifanyi kazi. Kariakoo nyumba ya Kiswahili yenye bati la kutu haihesabiwi hivi, pale unanunua ardhi na kuvunja, nyumba yenyewe ni gharama ya kubomoa. Vivyo hivyo fremu za biashara barabarani, hizo zinahesabiwa kwa kodi zinazoingia.

Jinsi ya kujibu na kujadiliana

Yule aliyekutumia picha usimwandikie "ghali" tu. Mwandikie: "95 hapana. Ardhi ni mita 306 sio 400, ukuta una chumvi, karo limetitia, haina hati. Mwisho wako 60. Anza 52, na uongee na mwenye nyumba mwenyewe sio dalali wa 95." Dalali alipwe haki yake, ila ijulikane ni shilingi ngapi na anailipa nani.

Mwenye nyumba atasema "mimi nimejenga kwa mil 80". Inawezekana kabisa ni kweli, watu wanajenga kidogo kidogo kwa miaka, wanabomoa, wanaibiwa saruji, fundi anatoroka, na pesa hiyo yote anaikumbuka. Usibishane nae. Mfungulie orodha yako, soma kipimo cha futi kamba, soma ya karo, soma ya plasta, mwulize ipi sio kweli. Akikubali zote na bado anataka 75 basi hauzi bado, mwachie namba. Na dalali akikupigia jioni kwamba kuna mtu kutoka Muscat analipia kesho asubuhi mwambie sawa kaka, akishindwana nae nipigie.